SOMO LA KIKUNDI: Kuuza Pedi za Kufua Kabla ya Kuzishona



Vikundi vingi vya akina mama siku hizi vinashona pedi za kufua, yaani sodo za kitambaa ambazo mwanamke anazitumia, anazifua, anazianika na kuzitumia tena. Kushona wanajua. Shida yao ni pesa ya kuanzia, kwa sababu kitambaa cha jumla kinalipiwa kabla ya pedi ya kwanza kuuzwa. Somo hili linahusu njia moja ya kupata pesa hiyo: kuchangisha watu wengi kwa simu, kila mmoja akilipa mapema na kungojea bidhaa yake.

Someni sehemu moja moja, mkiwa na karatasi na kalamu.

1. HII SI HARAMBEE YA KAWAIDA

Harambee tunaifahamu. Mtu anatoa alicho nacho, jina lake linasomwa, anaenda nyumbani na hakuna anayemdai wala yeye hadai. Katika mauzo ya mapema anayetoa Sh 650 amenunua pakiti ya pedi ambayo bado haijashonwa. Tangu siku ile kikundi kina deni lake. Kama fedha imetumika na pedi hazijafika, hamjashindwa harambee, mmekula pesa ya mteja. Kijijini habari ya namna hiyo haikawii kufika sokoni.

Njia hii imejulikana sana duniani kupitia Kickstarter, iliyoanza Marekani mwaka 2009. Kule kanuni ni kwamba lengo lisipofikiwa, hakuna mchangiaji anayekatwa hata senti. Kickstarter haifungulii mradi mtu aliye Kenya, lakini kanuni yake ni nzuri ya kuigwa. Hapa kwetu kuna M-Changa, ambapo watu wanachanga kwa M-PESA. Kikundi pia kinaweza kutumia namba yake ya Lipa na M-PESA pamoja na daftari. Kwa njia hizi za kwetu pesa huingia moja kwa moja hata kama lengo halijafikiwa. Kwa hiyo ahadi ya kurudisha ni ninyi wenyewe mtaiweka, na ni ninyi mtaitimiza.

Kabla ya kuanza, hakikisheni kikundi kina cheti chini ya Sheria ya Usajili wa Vikundi vya Jamii ya mwaka 2022. Mwulizeni afisa wa maendeleo ya jamii kama wito wenu kwa umma unahitaji kibali. Fikeni pia ofisi ya KEBS kuuliza kuhusu alama ya ubora, maana bidhaa ya kuuzwa inapimwa kwanza. Pesa isipokelewe kwa simu ya mtu binafsi, hata kama ni mwenyekiti anayeaminiwa na wote.

2. JARIBUNI PEDI KABLA YA KUITANGAZA

Pedi nzuri ina tabaka tatu. Juu ni kitambaa laini cha pamba kama flaneli. Katikati ni kitambaa cha kunyonya, kwa mfano cha taulo. Chini ni kitambaa kisichopitisha maji. Ina mabawa mawili yanayofungwa chini ya chupi kwa kifungo cha kubonyeza.

Flaneli na taulo hurudi zikifuliwa. Fueni kitambaa chote kabla ya kukikata, la sivyo pedi itajikunja kwa mteja baada ya kufuliwa mara ya kwanza.

Kisha wanachama kumi watumie pedi hizo kwa miezi mitatu. Kila mwezi waandike mambo manne: je, ilivuja? Je, kifungo kilishika? Ilikauka kwa saa ngapi juani, na siku ya mvua je? Doa lilitoka? Majibu haya yana kazi mbili. Yanawaonyesha pa kurekebisha, na baadaye ndiyo yatakuwa maneno yenu ya kuuzia. Mnunuzi akiuliza, "Inakauka kwa muda gani?" mtamjibu kwa jambo mlilolipima wenyewe.

3. HESABU YA PAKITI MOJA

Tuchukue mfano wa kikundi cha wanachama 14 chenye vyerehani viwili. Bei hizi ni za mfano. Ninyi wekeni za soko lenu.

Pakiti yao ina pedi nne, tatu za mchana na moja ndefu ya usiku, pamoja na mfuko mdogo wa kubebea pedi iliyotumika. Kitambaa cha pakiti ni Sh 150. Vifungo na uzi ni Sh 30. Mfuko ni Sh 25. Malipo ya mshonaji ni Sh 160, yaani Sh 40 kwa kila pedi. Karatasi ya maelezo na kufunga ni Sh 15. Jumla ni Sh 380. Waliongeza Sh 20 kwa zile zitakazoharibika, ikawa Sh 400.

Angalieni kwamba mshonaji amelipwa. Vikundi vingi huacha kazi ya mikono nje ya hesabu kwa kusema, "Sisi ni wenyewe." Wiki ya kwanza wote wanakuja. Wiki ya tatu wamebaki wawili, na oda za watu zinangoja.

Halafu kuna gharama za mara moja tu. Kikundi hiki kinataka mashine ya ovaloki ya Sh 30,000 ili kingo zisifumuke, na kimetenga Sh 15,000 kwa vipimo na kibali. Jumla ni Sh 45,000. Hii ndiyo pesa wanayoitafuta kweli. Lakini mkitangaza kwamba mnatafuta Sh 45,000 mtajidanganya, kama tutakavyoona.

4. NGAZI ZA KUCHANGIA

Ngazi ni viwango vya kulipa, kila kimoja na kile mchangiaji atakachopata. Msiweke ngazi kumi. Mtu akichanganyikiwa huahirisha, na akiahirisha husahau. Nne zatosha. Kila ngazi ifanyiwe hesabu yake. Katika mfano wetu wametenga 6 kwa mia kwa makato ya simu na ya jukwaa. Ninyi ulizeni makato halisi.

Ngazi ya kwanza, Sh 200: Mchangiaji anapata ujumbe wa shukrani na taarifa za maendeleo, hakuna bidhaa. Baada ya makato zinabaki Sh 188.

Ngazi ya pili, Sh 650: Pakiti moja, ichukuliwe kituoni. Toa Sh 400 za kutengeneza na Sh 39 za makato. Zinabaki Sh 211.

Ngazi ya tatu, Sh 1,400: Pakiti moja yako na nyingine ya msichana wa shule. Hapa kuna jambo ambalo watu husahau. Pedi yenye mabawa haivaliki bila chupi, na wasichana wengine hawana za kutosha. Kwa hiyo pakiti ya msichana iende na chupi mbili, Sh 120. Toa Sh 800 za pakiti mbili, Sh 120 za chupi na Sh 84 za makato. Zinabaki Sh 396.

Ngazi ya nne, Sh 7,500: Pakiti kumi kwa shule moja, na wanachama wawili wanaenda kufundisha namna ya kuzitumia na kuzifua. Toa Sh 4,000 za pakiti, Sh 1,200 za chupi, Sh 450 za makato na Sh 700 za nauli. Zinabaki Sh 1,150.

Anayetaka kifurushi chake kitumwe kwa matatu mpaka mji mwingine alipe gharama hiyo juu ya bei. Msiseme "tutatuma bure." Kifurushi kimoja cha kufika mbali kinaweza kumeza faida yote ya pakiti.

Kuhusu ngazi za zawadi kwa shule, mwalimu wa kike na mwalimu mkuu ndio wachague wasichana, kimya kimya. Shule itie sahihi kwamba imepokea pakiti kumi, na nakala ya sahihi hiyo ndiyo iende kwa mchangiaji. Msimpelekee picha ya wasichana wakishika pedi. Hakuna msichana anayetaka kijiji kizima kijue kwamba alipewa pedi kwa huruma.

5. LENGO NI KIASI GANI?

Sasa tuunganishe. Kikundi chetu kilikadiria watu 30 katika ngazi ya kwanza, 100 katika ya pili, 40 katika ya tatu na 5 katika ya nne. Pesa itakayoingia ni hii:

30 × 200 = Sh 6,000
100 × 650 = Sh 65,000
40 × 1,400 = Sh 56,000
5 × 7,500 = Sh 37,500
Jumla = Sh 164,500

Mtu akiona Sh 164,500 katika akaunti anaweza kudhani kikundi kimetajirika. Lakini pakiti zinazodaiwa ni 230, na kuzitengeneza ni Sh 92,000. Chupi ni Sh 10,800. Makato ni Sh 9,870. Nauli ni Sh 3,500. Toa hizo zote, zinabaki Sh 48,330. Hapo ndipo ovaloki na kibali vinatoka, na zinasalia Sh 3,330 tu.

Kwa hiyo lengo linalotangazwa ni Sh 160,000. Wangetangaza Sh 45,000 na kupata hizo tu, baada ya kuwatengenezea waliolipa wangebaki na kama Sh 13,000. Ovaloki hakuna, kibali hakuna, na wateja wamo mlangoni.

Pesa ya oda isiingizwe katika mkopo wa mzunguko. Katika wiki za kungojea kitambaa mtamsikia mtu akisema, "Pesa inakaa bure, tukopeshane kidogo." Pesa hiyo ina mwenyewe, na siku ya kulipia kitambaa haitangoja mwanachama auze mbuzi wake.

6. SIKU NGAPI ZA KUSHONA?

Pakiti 230 ni pedi 920. Washonaji watano wenye mkono mzuri wanapokezana vyerehani, siku tatu kwa wiki. Kila mmoja anamaliza pedi nane kwa siku. Hiyo ni pedi 120 kwa wiki. Gawanya 920 kwa 120, unapata karibu wiki nane. Ongeza wiki moja ya mifuko, na nyingine tatu kwa mvua, matanga, ugonjwa na kitambaa kuchelewa. Ahadi ni wiki 12. Mchangiaji akipokea wiki ya kumi atafurahi. Akiahidiwa wiki nane na kupokea wiki ya kumi, atanung'unika. Pedi ni zile zile.

Wekeni pia kikomo cha juu. Kikundi hiki kiliamua kusimamisha oda pakiti zikifika 300, maana kushona pekee kutachukua wiki kumi, na mifuko na dharura hazitaingia tena katika zile 12. Oda nyingi kuliko mikono huvunja ahadi sawasawa na oda chache.

Dalili ya hatari inaonekana mapema. Kama wiki ya kwanza ya kushona imetoa pedi 70 badala ya 120, msingoje wiki ya tisa. Ongezeni siku au mshonaji mara moja. Na kama katika kila pedi ishirini zaidi ya moja inakataliwa, simamisheni kazi mtafute kosa. Mara nyingi ni kifungo kisichoshika, au mshono uliotoboa tabaka la chini na kuleta uvujaji.

7. MANENO YA KUTANGAZA

Watu wengi huanza hivi: "Wasichana wetu wanateseka, tafadhali saidieni." Ujumbe huu una kasoro tatu. Hausemi kinachouzwa. Hausemi bei wala siku. Tena unamfanya mnunuzi aone aibu kuitumia bidhaa yenyewe, kana kwamba pedi hii ni ya maskini tu. Mwalimu au muuguzi aliye tayari kulipa Sh 650 kwa ajili yake mwenyewe anapita.

Linganisheni na huu:

"Pakiti 1 ya pedi za kufua: 4 na mfuko. Sh 650. Unalipa sasa, unapokea kabla ya 30 Novemba. Tusipofika 160,000 kufikia 31 Agosti, tunarudisha pesa."

Huu unaingia katika ujumbe mmoja wa simu wa herufi 160. Una bidhaa, bei, siku ya kupokea na ahadi ya kurudisha. Ujumbe wa pili ueleze namna ya kulipa. Wa tatu ueleze mlichokiona katika majaribio ya miezi mitatu.

Semeni na shida zake pia. Pedi ya kufua inahitaji maji, sabuni na mahali pa kuanika. Iloweshwe kwa maji baridi, kwani ya moto hushikisha doa la damu. Ikaushwe kabisa, ikiwezekana juani, na isivaliwe ikiwa na unyevu. Ibadilishwe kila baada ya saa nne hadi sita, au mapema ikilowa. Mnunuzi asiyekuwa na maji ya kutosha heri ajue leo kuliko kurudisha pakiti kesho.

Msiseme kwamba pedi yenu inazuia magonjwa. Msiahidi pia kwamba itamzuia msichana kuacha shule. Utafiti uliofanyika Siaya na kuchapishwa mwaka 2016, kwa kutumia vikombe vya hedhi na pedi za kutupa, haukuthibitisha kwamba vilipunguza kuacha shule. Karo, ujauzito na njaa navyo vina nguvu. Semeni tu mnachoweza kukisimamia: pedi nne, zimejaribiwa na wanawake kumi kwa miezi mitatu, zinafulika hivi na hivi.

Kwa picha, tumieni pedi yenyewe ikiwa kando ya rula ili urefu uonekane, na mikono ya mshonaji kazini. Na akina baba msiwaache nje. Baba mwenye mabinti wawili ni mteja. Mwambieni waziwazi neno "hedhi", kwa heshima na bila kunong'ona, naye atajibu kwa heshima.

8. KUFUNGUA, KUFUNGA NA DAFTARI

Siku 30 zinatosha. Kabla ya kufungua, kila mwanachama alete majina matano ya watu waliomwahidi kwa mdomo: jamaa walioko Nairobi, walimu, wauguzi, wafanyabiashara wa soko. Wanachama 14 wataleta majina 70. Hao wachange katika wiki ya kwanza, ili mgeni akitazama akute tayari kama theluthi ya lengo imeingia. Watu wanaogopa kuwa wa kwanza katika nyumba tupu. Kama wiki ya kwanza imeleta kidogo sana, msiwalaumu wageni. Rudini kwenye yale majina 70.

Daftari liwe na safu hizi: tarehe, jina, namba ya simu, kodi ya M-PESA, kiasi, ngazi, pakiti anazodai, siku aliyopokea na sahihi. Kila Jumamosi mweka hazina na katibu walinganishe daftari na taarifa ya akaunti. Tofauti ya Sh 650 itafutwe siku ile ile. Ikiachwa mwezi, haitapatikana. Majina na namba za wateja yasibandikwe ukutani wala kutumwa katika kundi la WhatsApp, maana si kila mtu anataka ijulikane amenunua nini.

Lengo lisipofikiwa, rudisheni. Makato ya kuwarudishia yatoke katika mfuko wa kikundi, na jambo hilo liandikwe katika muhtasari kabla ya siku ya kufungua. Lengo likifikiwa, wapelekeeni wateja habari kila wiki mbili: kitambaa kimenunuliwa, pedi 300 zimeshonwa. Mkiona mtachelewa, waambieni kabla ya siku ya ahadi kupita, na mtaje siku mpya. Atakayetaka pesa yake arudishiwe bila maneno. Msibadilishe kitambaa au rangi mliyotangaza bila kuwauliza.

MASWALI YA KUJADILIANA

1. Pakiti yetu moja inagharimu kiasi gani, tukimlipa na mshonaji?
2. Washonaji wetu wanamaliza pedi ngapi kwa wiki katika msimu wa kulima?
3. Gharama zetu za mara moja ni zipi? Basi lengo letu liwe kiasi gani?
4. Tusipofika lengo, makato ya kurudisha pesa yatatoka wapi?
5. Nani kati yetu ataweka daftari, na nani atamkagua?

Kazi ya kufanya kabla ya mkutano ujao: shoneni pakiti kumi za majaribio, mgawane, na mwanzeni kuandika yale mambo manne. Tangazo litangoja mpaka miezi mitatu itimie.